Makato haya ni ya muamala gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu barua ya malalamiko kwa benki

Nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la malalamiko la benki, upande wa ndani, kule barua zinakofika baada ya kugongwa muhuri mapokezi. Niliacha kazi lakini maswali hayakuniacha. Haya hapa ndiyo yanayorudi kila mara, na yote yanahusu barua ya aina moja: ya mteja aliyeona makato kwenye taarifa ya akaunti yake, hajui ni ya nini, na anataka benki imtajie muamala uliosababisha akatwe.

Barua hii inaomba nini hasa?

Inaomba kujua mzazi wa makato. Ada nyingi za benki hazizaliwi zenyewe. Umetoa pesa kwenye mashine, ada ikafuata. Umelipa kwa kadi, umetuma pesa, hundi imerudi, malipo ya kila mwezi yameshindikana kwa kukosa salio, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuacha mstari wake wa ada pembeni au chini yake. Ndani ya mfumo wa benki mstari huo wa ada kwa kawaida umefungwa kwenye namba ya muamala uliouzaa. Tatizo ni kwamba taarifa unayopewa wewe mara nyingi haionyeshi kifungo hicho. Unaona "COMM CHG" au "SERVICE FEE", kiasi, basi.

Zipo ada zisizo na muamala nyuma yake, kama ya kutunza akaunti kila mwezi, ya kadi kila mwaka, au ya ujumbe wa simu. Hizo zina kipindi badala ya muamala. Kwa hiyo barua iliyoandikwa vizuri huuliza: ni ya muamala gani, au kama si ya muamala, ni ya kipindi gani?

Si rahisi zaidi kuandika tu "nirudishieni pesa yangu"?

Ni rahisi kuandika, na ni rahisi zaidi kukataliwa. Pale kwetu barua ikifika ilipangiwa aina kabla hata haijasomwa yote. Ikionekana ni dai la kurudishiwa pesa, ilikwenda kwa mtu mwenye mamlaka ya kurudisha, na swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: je, ada hii ipo kwenye jedwali la ada za benki? Ikiwepo, jibu lilikuwa tayari, mistari miwili, jalada linafungwa. Hakuna aliyefungua mfumo kuangalia ada hiyo imetokana na nini.

Barua inayouliza "ni ya muamala gani" haijibiki hivyo. Lazima mtu akae, afungue mstari ule, asome namba iliyofungwa nayo, aifuate. Na mara nyingi makosa huonekana hapo hapo anapoifuata.

Kuna jambo la pili. Ukidai pesa huwa unatoa sababu, na sababu hiyo huwa ni ya kukisia. Benki itakujibu kisio lako. Likiwa si sahihi, umeshindwa, hata kama makato yenyewe hayakuwa halali. Nitakupa kisa kimoja kilichonifundisha hili.

Kisa gani hicho?

Mteja alikuwa mwalimu. Tarehe 3 Machi alilipia kozi ya mtandaoni kwa kadi, 11,500. Muuzaji alikuwa nchi nyingine, lakini tovuti yake ilitoza kwa sarafu ileile ya akaunti ya mwalimu, hivyo hakuona dalili yoyote ya "nje". Kozi ikaahirishwa, na muuzaji akamrudishia pesa yote tarehe 9. Taarifa yake ya akaunti ilisomeka hivi, DR ikiwa pesa iliyotoka na CR iliyoingia:

```
05/03  POS PURCHASE 03/03   11,500.00 DR
05/03  COMM CHG                287.50 DR
10/03  POS REFUND 09/03     11,500.00 CR
12/03  COMM CHG                287.50 DR
```

Mstari wa pili aliuelewa baada ya kusoma jedwali la ada: asilimia 2.5 kwa ununuzi wa kadi kwa muuzaji aliye nje ya nchi, hata kama sarafu ni ya nyumbani. Hakuupenda lakini aliuelewa. Wa nne ndio ulimsumbua. Akaandika barua: mmenikata ada moja mara mbili, nirudishieni 287.50.

Mwenzangu mmoja akaangalia. Je, mstari umejirudia? Hapana. Kila mmoja ulikuwa na namba yake, tarehe yake, na chanzo chake. Akajibu kwamba benki imechunguza na hakuna makato yaliyojirudia, ni ada mbili tofauti. Jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa, na halikumsaidia mwalimu hata chembe.

Barua yake ya pili ndiyo ilinifikia mimi. Safari hii hakudai chochote. Aliuliza makato ya tarehe 12 ni ya muamala upi, wenye namba gani, wa kiasi gani, na kama muamala huo ulikuwa wa kutoa au wa kuingiza. Nikafungua mstari, nikafuata namba, nikafika kwenye ule mstari wa tatu. Mfumo ulikuwa umemtoza ada kwa kurudishiwa pesa yake mwenyewe. Ulikuwa umewekwa uangalie nchi ya muuzaji tu, bila kuangalia pesa inaelekea upande gani. Jedwali la ada lilisema "ununuzi", na marejesho si ununuzi. Pesa ilirudi wiki hiyo hiyo.

Angalia kwamba mwalimu asingeweza kuligundua hilo peke yake. Kiasi kilikuwa kilekile, ada ileile, na kisio la "mmekata mara mbili" ndilo ambalo mtu yeyote angelifikia. Namba iliyotofautisha ilikuwa kwenye skrini yetu, si kwenye karatasi yake.

Kabla ya kuandika, nitafute wapi mwenyewe?

Anza na tarehe. Mstari mmoja unaweza kuwa na tarehe mbili: siku uliyofanya jambo lenyewe na siku benki ilipoliingiza kwenye akaunti. Malipo ya kadi ya Ijumaa jioni yanaweza kuingizwa Jumatatu au Jumanne, na ada yake siku moja au mbili baadaye. Watu hutafuta kwenye tarehe ya makato, wanakosa, wanaacha. Rudi nyuma walau wiki mbili.

Kisha jiulize kama akaunti iliwahi kukaa bila salio. Ada ya kila mwezi isipopata pesa ya kukatwa, kwenye benki nyingi haifutiki, inasubiri. Siku mshahara unapoingia, madeni yote ya miezi iliyopita yanachukuliwa kwa mkupuo, wakati mwingine kwa mstari mmoja wenye kiasi ambacho hujawahi kukiona. Dalili yake ni kwamba kiasi hicho kinagawanyika sawasawa kwa ada ya mwezi. Ukiona 360 na ada ya mwezi ni 120, karibu umepata jibu lako bila kuandika barua.

Halafu kuna hesabu ya kurudi nyuma, ambayo naipenda kuliko zote. Kama ada ni ya asilimia, gawanya makato kwa asilimia hiyo upate kiasi cha muamala. 287.50 gawa kwa 0.025 ni 11,500. Sasa una kitu cha kutafuta. Pale ambapo ada inabeba kodi ndani yake, toa kodi kwanza: kodi ikiwa asilimia 10 na makato ni 316.25, gawanya kwa 1.10 upate 287.50, ndipo uendelee.

Hesabu hiyo ina mipaka yake. Kama jedwali lina kima cha chini, miamala yote midogo hutozwa kiasi kimoja na hesabu haikupeleki popote. Na kama muamala ulikuwa wa sarafu ya kigeni, ada huhesabiwa kwa thamani iliyobadilishwa siku ya kuingizwa, hivyo utapata namba inayokaribia tu. Itumie kama kidole kinachoonyesha upande, usiiweke kwenye barua kama ushahidi.

Barua yenyewe iandikwe vipi?

Hii ni ya mwalimu, nimeondoa yanayomtambulisha na kunyoosha sentensi moja mbili.

*Meneja wa Tawi,*
*(jina la benki na tawi)*

*YAH: OMBI LA KUTAMBULISHIWA MUAMALA ULIOSABABISHA MAKATO YA 287.50 YA TAREHE 12 MACHI, AKAUNTI NAMBA (…)*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Kwenye taarifa ya akaunti yangu ya mwezi Machi, ukurasa wa 2, kuna mstari unaosomeka "COMM CHG" wa 287.50, ulioingizwa tarehe 12 Machi. Salio kabla ya mstari huo lilikuwa 46,310.00 na baada yake 46,022.50. Mstari hauna kumbukumbu namba wala maelezo mengine, nami siutambui.*

*Naomba kujulishwa kwa maandishi makato hayo yametokana na muamala gani: kumbukumbu namba yake, tarehe uliofanyika, kiasi chake, na kama ulikuwa wa kutoa pesa kwenye akaunti au wa kuingiza. Naomba pia kutajiwa kipengele cha jedwali la ada kilichotumika. Iwapo makato si ya muamala bali ni ya kipindi, naomba kutajiwa kipindi hicho. Iwapo ni jumla ya ada zaidi ya moja, naomba mchanganuo.*

*Naelewa makato mengine ya 287.50 ya tarehe 5 Machi kuwa ni ya ununuzi nilioufanya tarehe 3 Machi. Siulizi kuhusu hayo.*

*Kwa sasa siombi kurudishiwa pesa, wala kutoomba kwangu kusichukuliwe kuwa nimeyakubali makato haya. Nitaeleza msimamo wangu nikishapata majibu.*

*Naambatisha nakala ya ukurasa husika, mstari ukiwa umezungushiwa duara.*

*Wako mwaminifu,*
*(saini, jina, namba ya simu)*

Kwa nini ametaja salio la kabla na la baada?

Hilo ndilo lililonifurahisha nilipoisoma, maana ni wachache wanaolifanya. Akaunti yenye shughuli nyingi inaweza kuwa na mistari mitano ya "COMM CHG" kwa mwezi, miwili yake ya kiasi kimoja siku moja. Ukitaja tarehe na kiasi tu, karani anaweza kufungua mstari usio wako na kukujibu kwa uaminifu kabisa kuhusu jambo usilouliza. Salio la kabla na la baada ni kama alama ya kidole. Kwenye ukurasa ule ni mstari mmoja tu ulioshusha salio kutoka namba ile hadi namba hii.

Kufunga mlango wa makato ya tarehe 5 nako kulisaidia. Bila sentensi ile, mtu mwenye haraka angejibu kuhusu yale yenye maelezo rahisi, kisha akaendelea na barua inayofuata. Nasema hivi bila kumsema vibaya mtu yeyote, kwani hata mimi nimewahi kufanya hivyo siku yenye barua arobaini mezani.

Kwa nini kuuliza kama muamala ulikuwa wa kutoa au wa kuingiza?

Kwa sababu watu wa benki tukitaja kiasi mara nyingi tunasahau upande. Tungeweza kumwandikia mwalimu "ada hii ni ya muamala wa 11,500" na angeelewa ni ule ununuzi wake, akarudi palepale pa kudhani amekatwa mara mbili. Neno moja, kuingiza, ndilo lililofungua kila kitu.

Niipeleke kwa nani?

Tawi linatosha kwa kuanzia, hata kama akaunti yako haina uhusiano wa karibu na meneja. Chukua nakala mbili, wagonge muhuri wa kupokea na tarehe kwenye nakala yako. Ukituma kwa barua pepe, tumia anwani ya malalamiko iliyo kwenye tovuti rasmi ya benki, na usiridhike mpaka upewe namba ya lalamiko. Namba hiyo ndiyo inayolifanya jambo lako lihesabiwe. Bila hiyo barua ni karatasi tu inayozunguka mezani.

Kupiga simu hakutoshi?

Piga kwanza, huenda ikawa ni ada ya mwezi ukamaliza kwa dakika tano. Ila mara nyingi anayepokea simu anaona maneno yaleyale unayoyaona wewe. Atakusomea "ni commission charge" kwa sauti nzuri, nawe utabaki ulipokuwa. Akikupa maelezo yenye namba ya muamala, iandike pamoja na tarehe na saa ya simu. Asipokuwa nayo, andika barua siku hiyohiyo.

Nisiandike nini?

Usiandike namba ya siri, zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi, wala namba nzima ya kadi. Tarakimu nne za mwisho zinatosha benki kuitambua. Namba ya akaunti haina shida kwa barua inayokwenda benki yenyewe.

Acha pia historia ndefu. Nimesoma barua zinazoanza na mwaka mteja alipofungua akaunti, zikapitia foleni ya Desemba, na swali lenyewe likajificha ukurasa wa tatu. Tunaelewa hasira, lakini aliyekaa na barua yako anatafuta kitu kimoja: mstari upi?

Na usichanganye makato ya aina tofauti kwenye barua moja. Ya kadi, ya kutuma pesa na ya mkopo hushughulikiwa na watu tofauti. Barua yenye yote matatu humfikia mmoja, naye anajibu lake tu.

Wamenijibu "makato ni kwa mujibu wa viwango vya benki". Nifanyeje?

Hilo si jibu la swali lako. Limekuambia ada ya namna hiyo ipo, halijakuambia kwa nini wewe umetozwa siku ile. Usianze kubishana kuhusu viwango. Andika barua fupi, taja namba ya lalamiko na tarehe ya jibu lao, kisha sema: "Jibu lenu halijataja muamala. Narudia ombi langu la kutajiwa kumbukumbu namba ya muamala uliosababisha makato haya, au kuthibitishiwa kwa maandishi kwamba hakuna muamala uliohusishwa nayo."

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Hakuna afisa anayependa kutia saini karatasi inayosema benki imekata pesa bila muamala. Atafungua mfumo.

Kama bado kimya, kitengo cha malalamiko cha makao makuu ndicho kinachofuata, halafu msimamizi wa mabenki wa nchi yako au ofisi ya usuluhishi ikiwa ipo. Wengi wao hawapokei lalamiko mpaka uonyeshe kwamba benki ilipewa nafasi ya kujibu kwanza, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapolipa.

Mstari wangu si ada. Ni malipo ya kadi kwa duka nisilolijua.

Hapo swali linabadilika kidogo. Kabla ya yote, kumbuka jina linaloonekana kwenye taarifa linaweza kuwa la kampuni iliyosajiliwa, au ya anayepokea malipo kwa niaba ya duka, si lile lililo juu ya mlango au kwenye tovuti. Huduma uliyojaribu bure mwezi uliopita huwa na tabia ya kurudi kwa jina la mzazi wake.

Kama bado hulitambui, omba namba iitwayo ARN. Ina tarakimu 23 na hutolewa upande wa benki ya muuzaji malipo yanapowasilishwa. Kwa namba hiyo muuzaji au benki yake wanaweza kuupata muamala wako hasa. Ipo pia namba nyingine ya kumbukumbu, RRN, yenye herufi na tarakimu 12, na namba ya idhini yenye 6, lakini hiyo fupi inaweza kujirudia, hivyo haisimami peke yake. Ukiambiwa ARN haipo, uliza kama malipo yamekamilika au bado ni pesa iliyozuiwa tu. Pesa iliyozuiwa haijawasilishwa na muuzaji, haina ARN, na inaweza kujiachia yenyewe baada ya siku kadhaa.

Muda nao ni muhimu hapa kuliko kwenye ada za benki. Kwa kadi za Visa na Mastercard, madai ya aina nyingi dhidi ya muuzaji yana ukomo wa siku 120. Kuuliza tu "ni muamala gani" hakusimamishi saa hiyo, kwa hiyo ukiona miezi miwili imekatika bila jibu, wasilisha pingamizi la muamala huku ukiendelea kuuliza. Na kama unahisi mtu mwingine ametumia kadi yako, barua isubiri. Piga simu, funga kadi, ndipo uandike.

Nilituma pesa nje, wiki kadhaa baadaye nikakatwa tena. Ya nini?

Pengine ni benki ya kati. Pesa inayokwenda nje mara nyingi hupitia benki moja au zaidi kabla ya kufika, na kila moja inaweza kudai chake. Kwenye fomu ya kutuma kulikuwa na chaguo: OUR maana yake gharama zote ni zako, SHA mnagawana, BEN anabeba mpokeaji. Ukichagua OUR, benki ya kati inaweza kupeleka dai lake baadaye, na benki yako ikalipa kisha ikakukata wewe, siku ambayo umeshasahau habari za kutuma.

Omba wakutajie muamala kwa UETR, namba ndefu yenye herufi na alama 36 ambayo husafiri na malipo kutoka mwanzo hadi mwisho. Waulize pia jina la benki iliyodai na kiasi ilichodai. Kama ulichagua SHA na umekatwa dai la namna hiyo, hilo sasa ni la kuhoji kweli.

Wanasema makato yaliingizwa kwa mkono, hakuna muamala uliofungwa nayo.

Hutokea, hasa pale ada iliposahaulika ikakusanywa baadaye, au mfumo ulipobadilishwa. Lakini kilichoingizwa kwa mkono huwa na karatasi au fomu ya ndani iliyoeleza sababu, na kwa utaratibu wa kawaida wa benki anayeingiza si anayeidhinisha. Omba sababu iliyoandikwa siku hiyo. Huna haja ya majina ya wafanyakazi, nao hawatakupa. Unataka kile walichoandika kabla hujauliza, si maelezo yaliyotungwa baada ya barua yako kufika.

Wanaweza kunitoza kwa kunijibu?

Baadhi ya benki hutoza kuchapisha upya taarifa ya akaunti au kutafuta nyaraka za zamani. Ndiyo maana nakushauri barua isiombe "taarifa mpya" wala "nakala". Iombe ufafanuzi wa mstari mmoja, na iitwe lalamiko.

Wamenirudishia pesa bila kueleza chochote. Niendelee?

Inategemea kama hali iliyoleta makato itajirudia. Mwalimu wetu hununua kozi mara mbili tatu kwa mwaka, na akirudishiwa pesa tena bila mfumo kurekebishwa, tungemkata tena. Aliuliza swali moja la mwisho kwa barua pepe, sentensi moja tu: mstari mpya wa "REV COMM" wa 287.50 umefungwa na makato yapi, ya tarehe 5 au ya tarehe 12? Nilipoangalia, mwenzangu alikuwa amerudisha ya tarehe 5. Kiasi kilikuwa sahihi, mstari haukuwa sahihi, na kwenye vitabu vyetu ada ya marejesho ilikuwa bado imesimama kama halali. Tuligeuza, tukaingiza upya, na siku hiyo ndipo mpangilio wa mfumo ulipopelekwa kwa watu wa kompyuta.